Magunia au paleti zikimwangukia mpakiaji stoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa yule anayeshika kalamu baada ya ajali: mtunza stoo, msimamizi wa zamu au mwakilishi wa usalama. Kisa kinachorudi humu mara nyingi ni kimoja, nilichokichunguza mwenyewe, cha stoo ya mbolea iliyokuwa na viroba vya kilo 50. Mpakiaji alivunjika mguu chini ya goti. Ripoti ya kwanza ilikuwa na mistari miwili tu: magunia yaliteleza kwa bahati mbaya, mhusika ameshauriwa awe mwangalifu. Tuliiandika upya, na nitaeleza jinsi tulivyofanya.

Magunia yamemwangukia mtu sasa hivi. Nianze na nini?

Usianze na karatasi. Simamisha upakiaji, zima foklifti, kisha tazama kilichobaki kimesimama kabla ya kumtazama aliyelala. Uso wa mlundo ukimwagika, magunia ya nyuma hubaki yamening'inia bila kushikwa na kitu, na mara nyingi hayo ndiyo yanayowaangukia waliokimbilia kuokoa. Mweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuukodolea macho mlundo na kupiga kelele ukisogea. Asinyanyue hata gunia moja.

Magunia yaliyomlalia yatolewe kwa mikono, ya juu kwanza, wawili kwa gunia, wakiwa wamesimama ubavuni na si kati ya mlundo na majeruhi. Anza na yaliyo usoni na kifuani, kwani magunia machache tu ya kilo 50 juu ya kifua yanatosha kumzuia mtu kuvuta pumzi. Usimvute kwa mikono yake wakati miguu bado imebanwa, na usitumie foklifti kuyasukuma.

Andika saa aliyobanwa na saa aliyotolewa, hata kama ni kwa chaki ukutani. Daktari atazihitaji. Misuli ya paja iliyopondwa kwa muda mrefu huachia sumu kwenye damu baada ya uzito kuondolewa, na mtu aliyekuwa akiongea vizuri anaweza kuzidiwa baadaye.

Ameinuka mwenyewe, amejifuta vumbi, anasema hana neno. Bado niandike?

Andika, tena apelekwe kupimwa. Gunia likidondoka kutoka mita 3 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na lina kilo 50. Wengu au ini likichanika, mtu anaweza kutembea kwa saa kadhaa kabla ya kuanguka. Mwambie yeye na mwenzake wa karibu dalili za kurudi nazo hospitali haraka: maumivu ya tumbo au bega la kushoto, kizunguzungu, pumzi kubana, mkojo wa rangi ya chai nyeusi.

Kwenye daftari la ajali, usiandike “hakuumia”. Andika alichokisema na ulichokiona: “anasema hana maumivu; mchubuko begani; amepelekwa kupimwa saa 5:20.” Akirudi baada ya siku tatu akiwa na maumivu, maneno hayo ndiyo yatakayomsaidia yeye na wewe pia.

Kwa nini magunia yaliyoanguka yasipangwe upya mara moja? Lori linasubiri.

Kwa sababu ushahidi wa ajali ya aina hii una maisha mafupi mno. Mashine ikimkata mtu, mashine hubaki pale pale. Mlundo ukianguka, baada ya nusu saa umeshakuwa mlundo mwingine, sakafu imefagiwa, paleti iliyovunjika imetupwa nje, na kinachobaki ni maneno ya watu. Ndiyo maana ripoti nyingi husema “yaliteleza”. Hakuna aliyebakiwa na kitu cha kupima.

Fungeni eneo kwa kamba. Piga picha ukiwa mbali kiasi cha kuonyesha mlundo mzima na mlango au nguzo iliyo jirani, kisha za karibu: uso uliobaki, paleti za chini, sakafu, na magunia yalivyolala. Weka tepu ya kupimia ndani ya picha. Dakika 40 zinatosha. Lori lipakiwe kutoka mlundo mwingine au lisubiri. Ajali ikiwa ya kifo au ya jeraha kubwa, huenda sheria ya nchi yako inakataza kugusa chochote hadi mkaguzi afike, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa. Lijue hilo mapema, si siku hiyo.

Nipime nini ili kueleza urefu wa mlundo? Wenyewe umeshalala chini.

Pima jirani yake. Karibu kila mara kuna sehemu ya uso huohuo iliyobaki imesimama, iliyopangwa na watu walewale siku ileile. Hesabu matabaka na upime kimo kutoka juu ya paleti hadi gunia la mwisho. Katika kisa chetu matabaka yalikuwa 20, kila gunia likiwa na unene wa sentimita 16 hivi baada ya kushinikizwa, kwa hiyo kimo kilikuwa mita 3.2. Safu moja ya magunia 20 ilikuwa na tani nzima.

Kisha shusha timazi kutoka ukingo wa juu. Uzi na nati nzito vinatosha, ila mshusha timazi asimame ubavuni, juu ya ngazi iliyoegemezwa mahali pengine na si kwenye mlundo wenyewe. Pima umbali kati ya uzi na gunia la chini. Sisi tulipata sentimita 12: juu palikuwa pametokeza nje ya chini kwa kiasi hicho. Iandike namba hiyo jinsi ilivyo, bila kuipamba na neno “kidogo”. Tutaihitaji tukifika kwenye sakafu.

Mlundo wetu una upana wa mita 3 na zaidi. Unawezaje kupinduka?

Swali hili nililiulizwa na msimamizi wa stoo ileile, na lilikuwa swali zuri. Upana wa kuhesabu ni upana wa kile kilichofungamana, wala si upana wa mlundo wote.

Magunia yakipangwa kama matofali, gunia la tabaka la juu hukalia kiungo cha mawili ya chini. Mpango wa matano ndio unaojulikana zaidi: matatu yamelala sambamba, mawili yamekatisha mbele yao, na tabaka linalofuata mpango unageuzwa. Kwa hiyo safu ya nje imeshikwa na ya ndani, na ya ndani imeshikwa na iliyo nyuma yake.

Siku mbolea ilipoingia, malori yalikuwa matatu na jua linazama. Sehemu ya ndani ilipangwa vizuri. Safu ya nje ikaongezwa mwishoni, gunia juu ya gunia, bila hata moja kuingia ndani. Kwa macho ulikuwa mlundo mmoja mpana. Kwa kweli kulikuwa na mlundo imara, na mbele yake ukuta mwembamba wa upana wa gunia moja, sentimita 50, wenye kimo cha mita 3.2. Kimo hicho ni zaidi ya mara 6 ya upana wake. Hakuna ambaye angeipanga safu kama hiyo katikati ya uwanja akapita chini yake, lakini ikiegemezwa kwenye mlundo mkubwa haionekani.

Ushahidi wa hili huonekana kwenye kovu. Uso uliobaki ukiwa laini na umenyooka, kama ganda lililobanduka, safu ya nje haikuwa imefungamana. Ukiwa na meno, magunia mengine yakitokeza na mengine yakirudi ndani, mpango ulikuwepo na chanzo kitafutwe kwingine. Piga picha ya kovu hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna jambo la viroba pia. Viroba vya plastiki huteleza kuliko magunia ya juti, hasa vikiwa vipya au vyenye vumbi la bidhaa. Andika aina ya mfuko. Mlundo uliosimama miaka kwa juti hauwezi kurithiwa na viroba kwa kimo kilekile.

Kuna kimo maalumu kinachoruhusiwa?

Hakuna namba moja inayofaa kwa kila stoo, na ninaogopa kibandiko cha “mwisho matabaka 20” ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi. Kanuni za ujenzi za Marekani, kwa mfano, zinataka magunia yarudishwe nyuma tabaka kwa tabaka na yafungamanishwe angalau kila magunia 10 kwenda juu. Hiyo ni kanuni ya namna ya kupanga zaidi ya kimo. Kwenye ripoti, taja kimo kilichokuwepo, kimo kilichokuwa kimewekwa na stoo kama kipo, nani alikiweka, na kwa mfuko wa aina gani. Kama hakikuwepo, andika hivyo.

Sakafu yetu ni zege. Kuna nini cha kuchunguza?

Sakafu ya zege nayo ina mteremko. Nyingi zilimwagwa zikielekezwa mlangoni ili maji yatoke. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, uulaze sakafuni kuelekea upande mlundo ulikoangukia, uweke pimamaji juu yake, kisha inua ncha ya chini hadi kipovu kikae katikati. Pima uwazi chini ya ncha hiyo. Kwetu ulikuwa sentimita 3, yaani sentimita moja na nusu kwa kila mita.

Mteremko huo ukipanda na mlundo wa mita 3.2, ncha ya juu inatoka nje karibu sentimita 5. Lakini timazi ilikuwa imetupa 12. Saba zilizobaki zilitoka wapi?

Tulipoondoa magunia ya jirani kwa utaratibu tukazikuta. Paleti ya ukingo ilikuwa na mbao mbili za chini zilizovunjika, na ukingo wake wa nje ulikuwa umezama sentimita 2. Paleti ina upana wa mita 1, kwa hiyo kuzama huko kwa sentimita 2 kunazaa zaidi ya sentimita 6 juu kabisa. Sasa hesabu ilifunga. Na chini ya paleti hiyo zege lilikuwa limelika na lina unyevu. Juu yake, kwenye paa, kulikuwa na bati lenye tundu. Mbao zilikuwa zimeoza upande mmoja tu, upande wa tundu.

Ndiyo sababu ninapendelea kupima vitu viwili na kuvilinganisha. Ungepima sakafu peke yake ungeilaumu sakafu kwa mwegamo wote. Ungetumia timazi peke yake ungesema walipanga vibaya. Tofauti kati ya namba mbili ndiyo iliyotupeleka kwenye paleti, kisha kwenye paa ambalo hakuna aliyelifikiria.

Usisahau sehemu aliposimama mtu. Sakafu iliyomwagikiwa mbolea yenye unyevu huteleza kama sabuni, na mtu anayeruka kukwepa anahitaji mahali pa kukanyaga. Pima pia upana wa njia aliyokuwa nayo nyuma yake. Wetu alikuwa na sentimita 70 kati ya mlundo na lori.

Sisi hatupangi magunia moja moja, tunapanga paleti zilizofungwa. Yote haya yanatuhusu?

Mengi, ila chanzo huwa tofauti kidogo. Kwa paleti zinazosimama moja juu ya nyingine, kipimo kinachotumika sana ni kimo cha mlundo kisizidi mara 4 ya upande mfupi wa paleti, na hapo mzigo uwe mgumu na bapa. Mimi kwa mifuko laini na sakafu yenye mteremko hushuka hadi 3. Mzigo wa chini ndio unaobeba yote, kwa hiyo angalia kama mifuko yake imebonyea upande mmoja, kama nailoni ya kufungia imechanika, na kama paleti ya juu ilikalia kilima badala ya kukaa bapa.

Jambo moja husahaulika: meno ya foklifti. Meno ya mita 1.2 yakiingia kwenye paleti kwa upande wake wa mita 1, sentimita 20 hutokeza nyuma. Kama paleti nyingine imegusana nayo, meno huinyanyua ukingo au kuisukuma, na mlundo wa nyuma huanguka upande ambao dereva haoni kabisa. Paleti zikiwa zimeangukia njia ya pili, mbali na foklifti, pima meno. Tafuta pia alama mpya za mkwaruzo kwenye mbao za paleti ya nyuma.

Lakini mpakiaji mwenyewe alichomoa gunia la katikati. Si kosa lake?

Alichomoa, ni kweli, na lazima ripoti iseme. Mlundo hushushwa kutoka juu, kwa ngazi ngazi, tabaka moja au mawili kwa wakati, kurudi nyuma kama mtu anayechonga vidato. Yeye alichomoa viroba vinne kwenye tabaka la 8, na vilivyokuwa juu yake vikakosa tako. Vilianguka viroba 27.

Ila tabaka la 8 lina kimo gani? Mita 1.28. Sakafu ya lori ilikuwa na kimo cha mita 1.2. Alichukua magunia yaliyokuwa usawa wa sakafu ya lori kwa sababu hayo ndiyo yasiyohitaji kuinama wala kupanda. Ngazi ya stoo ilikuwa moja, nayo ilikuwa imefungiwa ofisini. Wapakiaji walikuwa wakilipwa kwa gunia. Na wenzake wawili walituambia bila kusita kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote, msimamizi akiwa amesimama pale.

Ukiandika “alikiuka utaratibu” na kuishia hapo, kesho mwingine atachomoa palepale. Andika kitendo, kisha uandike kilichofanya kitendo hicho kiwe njia rahisi.

Kwenye fomu kuna sehemu ya mafunzo. Naweka alama ya “ndiyo” kwa sababu alisaini. Inatosha?

Hapana. Saini inathibitisha kwamba alishika kalamu. Wetu naye alikuwa amesaini, na tulipolitafuta somo lenyewe tukakuta ni la kunyanyua mzigo bila kuumiza mgongo: magoti, mgongo wima, gunia karibu na mwili. Somo zuri. Halina neno hata moja kuhusu kupanga wala kushusha mlundo.

Kwa hiyo jaza kilichofundishwa, si kwamba alifundishwa. Lini, na nani, kwa lugha gani, kwa maneno tu au kwa magunia halisi, na je, kuna aliyemtazama akifanya baadaye? Kisha nenda kwa wenzake wa zamu hiyo, mmoja mmoja, uwaombe wakuonyeshe kwa mkono wangeanza kushusha wapi. Usiwaulize kama wanajua, watasema ndiyo. Kwetu, kati ya watano, mmoja tu alionyesha juu. Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko faili zima la saini.

Waliopanga nao waingie kwenye swali hili. Safu ile haikuachwa bila kufungamana na yule aliyeumia. Wiki tatu kabla, kundi lingine ndilo lililopanga.

Nipeni mfano wa jinsi maelezo yanavyoandikwa.

Hivi ndivyo sehemu ya maelezo ilivyosomeka baada ya kuandikwa upya:

“Saa 4:10 asubuhi mpakiaji alikuwa akishusha viroba vya mbolea vya kilo 50 kutoka uso wa mashariki wa mlundo namba 3 kwenda kwenye lori. Alitoa viroba vinne kutoka tabaka la 8 kati ya 20. Viroba 27 vya juu vilianguka. Viwili vilimpiga mguu wa kulia. Mlundo ulikuwa na kimo cha mita 3.2. Safu ya nje haikufungamana na ya ndani (picha 2 na 3). Uso uliobaki umeegemea nje sentimita 12. Sakafu inateremka sentimita 1.5 kwa mita kuelekea mlangoni. Paleti ya ukingo imevunjika na kuzama sentimita 2, sehemu inayovuja kutoka paani. Ngazi haikuwepo eneo la kazi. Mpakiaji alifundishwa kunyanyua mzigo. Hakufundishwa kushusha mlundo.”

Ona kwamba hamna neno “uzembe” wala “bahati mbaya”. Kisichojulikana kiandikwe kuwa hakijajulikana, na maneno ya shahidi yawekwe kama yake, tofauti na ulichopima wewe.

Mpakiaji ni kibarua, alikuja na lori. Ripoti ni ya nani?

Stoo iandike ya kwake, mwenye lori naye aandike ya kwake. Mlundo, sakafu na paleti viko mikononi mwa stoo, na hakuna mwingine anayeweza kuvieleza. Malumbano ya nani mwajiri yasicheleweshe taarifa, kwa sababu fidia ya kibarua hukwama hasa pale ambapo jina lake halikuandikwa popote siku ile. Andika jina lake kamili, aliyemleta, na namba ya kumpata.

Muda wa kutoa taarifa kwa mamlaka hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa kawaida kifo na jeraha kubwa hutangulizwa kwa simu bila kuchelewa, fomu ikifuata ndani ya siku zilizotajwa. Bandika namba hiyo ya simu na siku hizo ukutani ofisini.

Mlundo umeanguka usiku, hakuna aliyekuwepo. Je?

Vipimo ni vilevile, na kwa kweli hii ndiyo ripoti rahisi kuliko zote, maana hakuna anayejitetea. Hali kadhalika mlundo ulioegemea bila kuanguka: timazi, ubao, picha, kisha kamba ya kuzuia watu.

Tunaruhusu lini kazi irudi kwenye mlundo uliobaki?

Usipangwe kwa kuongeza magunia mbele ili “kuuegemeza”. Nimeona wakifanya hivyo, na huko ni kujenga ukuta mwembamba wa pili. Ushushwe wote kutoka juu, wawili wakishusha na mmoja akitazama, hadi kwenye paleti. Paleti mbovu zitoke, sakafu ikauke na kufagiwa. Kwetu kona ile chini ya tundu ilipigwa rangi nyekundu na kuachwa tupu hadi bati libadilishwe, na ngazi mbili zikatundikwa kwenye nguzo, bila kufuli.